Kiapo Kilichokatwa Katikati

Sura ya nane ya Injili ya Marko, mstari wa 12, ina sentensi ya Kigiriki isiyokwisha. Inaanza vizuri, inafika katikati, halafu inaachwa ikining'inia. Ukifungua Biblia yako ya Kiswahili hutaona dalili yoyote ya jambo hilo, kwa sababu wafasiri wetu wameimaliza kimyakimya. Umepewa kauli safi ya kukanusha, yenye neno moja linalobeba kila kitu: hakitapewa.

Mazingira yenyewe ni haya. Yesu ametoka kulisha watu elfu nne kwa mikate saba, mahali pasipo na makazi. Amepanda chombo, ameshuka upande wa Dalmanutha, na kabla hajatulia Mafarisayo wamemfikia wakibishana naye. Wanataka ishara kutoka mbinguni. Marko anasema walikuwa wakimjaribu. Yesu anaugua rohoni mwake, anauliza kizazi hiki kinatafutia nini ishara, anasema “amin nawaambia”, na hapo ndipo inakuja ile sentensi. Maneno yake ya Kigiriki, ukiyashika mmojammoja kwa mpangilio wake, yanasema: kama – itatolewa – kwa kizazi – hiki – ishara. Basi. Baada ya hapo anawaacha, anapanda tena chombo, anavuka ng'ambo.

Neno la kwanza ni *ei*, yaani “kama” au “ikiwa”. La pili ni *dothesetai*, “itatolewa” (na hiyo *th* itamke kama ya “thamani”, tumebahatika kuwa nayo). Hakuna neno la kukanusha popote. Kigiriki kina neno lake la kukanusha, *ou*, na Marko analitumia kila siku. Hapa hakulitumia.

Sasa jiweke mahali pa mtu wa Korintho au Efeso, aliyezaliwa na Kigiriki na hajawahi kukanyaga sinagogi. Masikioni mwake *ei* ikifuatwa na kitenzi cha wakati ujao huwa mara nyingi mlango wa kitisho. Wagiriki waliitumia hivyo tangu zamani: ukifanya hivi, utakiona. Kwa hiyo anaposikia “amin nawaambia, kizazi hiki kikipewa ishara”, anakaa tayari kupokea nusu ya pili. Kikipewa, kutatokea nini? Moto utashuka? Hekalu litaanguka? Anasubiri, na msomaji ameshahamia kwenye habari ya chombo. Hajasikia “hakitapewa”. Amesikia mtu aliyekatishwa maneno.

Kinachomkosesha ni kwamba sentensi ile imevaa Kigiriki, lakini umbo lake ni la Kiebrania.

Waebrania waliapa kwa kujiapiza. Mtu aliyetaka kusema kwamba hatafanya jambo fulani alijiwekea laana: Mungu anifanyie hivi, na kuzidi, kama nitafanya jambo hilo. Fomula hiyo unaikuta nzima mdomoni mwa Mfalme Sauli, mdomoni mwa Ruthu anapokataa kumwacha mkwewe, na katika vitabu vya Wafalme. Lakini laana ni kitu cha kuogofya kukitamka, na kiapo kinachorudiwa kila siku huchakaa. Polepole watu wakaacha ile nusu ya laana na kubakiza nusu ya “kama” peke yake. Kila msikilizaji alijua kilichomezwa. Neno la Kiebrania la “kama”, *im*, likipachikwa kwenye kiapo likawa na nguvu ya “hakika sita-”. Na likiongezewa “si”, yaani *im lo*, likawa kinyume chake: hakika nita-. Mantiki imepinduka chini juu, lakini ukikumbuka ile laana iliyomezwa, hesabu inakubali: nilaaniwe kama nitafanya, basi sitafanya, nilaaniwe kama sitafanya, basi nitafanya.

Kwetu hilo si geni hata kidogo. “Mimi nikirudi kwa mwanamume yule, niite mbwa.” Hakuna “sitarudi” katika sentensi hiyo, na hakuna Mswahili atakayeuliza kama anarudi au harudi. Tofauti ni kwamba sisi bado tunamtaja mbwa. Waebrania walishafika mahali ambapo “mimi nikirudi kwa mwanamume yule” ilitosha. Na waliopita madrasa wakasoma nahau ya Kiarabu watakumbuka kwamba neno *in*, ambalo kwa kawaida ni “kama”, lina matumizi mengine ambapo maana yake ni “si”, hasa likifuatwa na *illa*. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa nyumba moja.

Mfano mkubwa wa kiapo cha namna hii uko katika Zaburi ya 95, ambapo Mungu mwenyewe ndiye anayeapa. Anakumbusha jinsi kizazi cha jangwani kilivyomjaribu, jinsi alivyochoshwa nacho miaka arobaini, halafu anaapa kwa ghadhabu kwamba hakitaingia katika raha yake. Kiebrania kinasema tu: kama wataingia. Wayahudi walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, kazi iliyoanzia Aleksandria karne ya tatu kabla ya Kristo na inayoitwa Septuaginta, mara nyingi walibadilisha neno kwa neno. *Im* ikawa *ei*. Kwa hiyo zaburi ya Kigiriki nayo inaning'inia: kama wataingia katika raha yangu. Wayahudi wa Aleksandria, waliokulia kwenye masomo hayo kila Sabato, bila shaka waliizoea, kama vile Mkristo wa kwetu asivyoshangaa hadithi kuanza na “ikawa”, wakati mtu wa sokoni angeuliza ikawa nini.

Hapa ndipo nadhani wafasiri wengi wanapita haraka mno. Wanaona *ei*, wanajua ni mtindo wa Kiebrania, wanaandika “hakitapewa”, wanageuza ukurasa. Wako sahihi kuhusu maana. Lakini hebu rudi Dalmanutha uhesabu vitu vilivyopo. Kuna mkate uliotolewa mahali pa ukiwa. Kuna watu wanaojaribu. Kuna “kizazi hiki”. Na kuna kiapo cha *ei*. Katika Zaburi ya 95 kuna jangwa, kuna kujaribu, kuna kizazi, kuna kiapo hichohicho. Katika Kumbukumbu la Torati 1:35, Mungu anaapa kwamba hakuna hata mmoja wa kizazi kile kibaya atakayeiona nchi njema, na Kiebrania chake kinaanza na *im*. Katika Hesabu 14 analalamika kwamba watu hawamwamini licha ya ishara zote alizozifanya kati yao, na hazipiti aya nyingi kabla hajaapa kwa umbo hilohilo. Kwa mtu aliyeyajua maandiko hayo, ile *ei* ya Marko ilikuwa sauti aliyokwisha kuisikia. Kizazi kilichokula mkate jangwani na bado kikadai ishara kinasomewa tena hukumu yake, kwa lafudhi ileile.

Kwamba umbo hilo lilisikika vibaya kwa Kigiriki, mashahidi wa kwanza ni waandishi wa Injili wenzake. Mathayo ana tukio la kudai ishara mara mbili, sura ya 12 na ya 16. Luka analo katika sura ya 11. Mahali pote patatu kiapo kimeondoka na *ou* imeingia: ishara haitatolewa. Na wote wawili wanaongeza jambo ambalo Marko hanalo, kwamba itatolewa ishara moja tu, ya Yona. Hilo lenyewe lina ugumu wake wa kisarufi. “Isipokuwa” kwa Kigiriki ni *ei me*. Ukiacha kiapo cha *ei* halafu ukaongeza *ei me*, utakuwa na “kama” mbili zinazogongana katika sentensi moja, na msomaji hatajua ipi inakanusha nini. Kauli yenye ishara ya Yona ilihitaji *ou*. Inapendeza pia kukumbuka kwamba Mathayo ndiye aliyehifadhi yale mafundisho ya kutoapa kabisa, ndiyo yenu iwe ndiyo na siyo yenu iwe siyo. Lakini sitaki kumtia mtu maneno mdomoni kuhusu kwa nini alibadilisha.

Katika Injili zote nne, kiapo cha *ei* tupu kipo hapa kwa Marko peke yake. Nje ya Injili kipo katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 3 na ya 4, ambako ile zaburi inanukuliwa na kurudiwa. Huko ndiko unaweza kuona wafasiri wakubwa wakijikwaa peupe. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, inatafsiri maneno hayo ya zaburi kwa “hawataingia” katika sura ya 3, halafu katika sura ya 4, maneno yaleyale, inaandika “kama wataingia”, mara mbili. Msomaji wa Kiingereza alipewa kiapo kimoja kwa sura mbili, na hakuambiwa kwamba ni kitu kimoja. Vulgata ya Kilatini haikuyumba: kwa Marko na kwa zaburi iliweka *si*, “kama” ya Kilatini, ikaacha sentensi ining'inie kwa karne zote hizo.

Lazima niweke onyo hapa, kwa sababu kuna ugonjwa wa kuona Kiebrania nyuma ya kila neno la ajabu. Waebrania 6:14 inaanza kiapo kwa *ei men*. Wataalamu wa zamani walieleza kwa kujiamini kwamba ni chotara: *ei me* ya Kiebrania imechanganyika na *e men*, ambayo ni njia halali kabisa ya Kigiriki ya kuapa. Halafu mafunjo yakaanza kufukuliwa Misri, barua na mikataba na hati za viapo vya watu wa kawaida, na Mjerumani Adolf Deissmann akaonyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba *ei men* imo humo, imeandikwa na watu wasiohusika na Biblia kwa lolote. Ilikuwa tahajia tu. Sauti mbili zilikuwa zimekaribiana, na waandishi wakaandika walivyosikia. Chotara akafa. Ndiyo maana mtu makini hutaka ushahidi wa pande mbili kabla ya kusema kitu fulani si Kigiriki. Kwanza, kuwe na umbo halisi la Kiebrania au Kiaramu linalolingana nalo. Pili, Kigiriki cha mitaani kisilijue. *Ei* ya Marko inapita pande zote mbili, na kwa nyongeza ina wenzake wawili walioisahihisha.

Tuje kwenye kazi yenyewe: utaiandikaje kwa Kiswahili?

Njia ya kwanza ni kufuata neno kwa neno. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika darasa dogo la Kigiriki la jioni, watu sita na kitabu kimoja cha kupokezana, na mwalimu akatuambia kila mmoja aandike mstari huo jinsi ulivyo. Mwenzetu mmoja akaandika: “Amin nawaambia kama kizazi hiki kitapewa ishara.” Akausoma kwa sauti. Kijana wa Unguja aliyekaa karibu na dirisha akasema, “Kumbe watapewa.” Wengine tukacheka, yeye hakuwa anatania. Unguja na sehemu nyingi za pwani, “kaniambia kama atakuja” ni “ameniambia kwamba atakuja”. Kiswahili cha Kongo nacho hutumia “kama” hivyo. Tafsiri iliyojitahidi kuwa aminifu kuliko zote ilikuwa imemfanya Yesu aahidi ishara. Tukijaribu kulitoroka hilo kwa kutumia -ki-, tunapata “kizazi hiki kikipewa ishara…”, ambayo kwanza ni kigugumizi cha ki juu ya ki, na pili inaturudisha kwa yule mtu wa Korintho anayesubiri kitisho.

Njia ya pili ni kurudisha laana iliyomezwa. “Nife kama kizazi hiki kitapewa ishara.” Inaeleweka mara moja, na ina nguvu. Lakini sasa umemwekea Yesu apizo mdomoni ambalo Marko hakuliandika, na umeamua ni laana gani, wakati umbo lenyewe lilizaliwa kwa sababu watu walikataa kuitamka. “Haki ya Mungu” ina tatizo hilohilo, na msomaji anayekumbuka mafundisho ya kutoapa atakuja kukuuliza.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda sana, na nikaitetea darasani kwa wiki nzima. Kiswahili kina namna yake ya kukataa kwa sentensi isiyokanusha: “Mimi nirudi pale? Abadani!” Kitenzi kinatajwa kana kwamba kinapendekezwa, halafu kinatupwa. Kwa hiyo: “Kizazi hiki kipewe ishara? Abadani.” Sikio la Mswahili linapata hasira, linapata ukamilifu wa kukataa, na umbo lenyewe linafanana na la Kiebrania kwa kuwa tendo limetajwa bila “si”. Tena lingeweza kurudiwa vilevile katika zaburi na katika Waebrania, ule mwangwi ukasikika. Kilichoiua ni majirani zake. Sentensi inayotangulia tayari ni swali, kwa hiyo unapata maswali mawili mfululizo. Na katikati yao kuna “amin nawaambia”, ambayo humwandaa msikilizaji kupokea tamko. Huwezi kusema “amin nawaambia” halafu ukauliza. Isitoshe, msomaji wa zamu Jumapili asiyeipandisha sauti mahali pa swali atawasomea waumini “amin nawaambia, kizazi hiki kipewe ishara”, na hiyo ni amri ya kukipa.

Inabaki njia ya wafasiri wetu, “hakitapewa”, na lazima niseme kwamba ukiitazama kwa karibu ni nzuri kuliko tunavyoipa sifa. Kigiriki kinasema “itatolewa” bila kumtaja mtoaji, na kila Myahudi alijua mtoaji ni nani. Kitenzi chetu cha kutendewa kinalificha jina la Mungu vivyo hivyo, bila kuonekana kinaficha. Kinachopungua ni uzito. “Hakitapewa” ni jibu ambalo hata karani wa ofisi angeweza kulitoa, njoo kesho. Kiapo si jibu la karani. Ndiyo maana ningeongeza neno moja, “katu”, mbele ya kitenzi: amin nawaambia, kizazi hiki katu hakitapewa ishara. “Kamwe” limechakaa kwa kutumiwa kwenye matangazo, “abadani” linabeba harufu ya mabishano ya barazani, “asilani” ni la washairi. “Katu” ni fupi na linafunga mlango. Kisha ningeweka tanbihi ya mistari miwili chini ya ukurasa: hapa Kigiriki kina umbo la kiapo cha Kiebrania, linganisha Zaburi 95:11. Na ningehakikisha “katu” hiyohiyo imekaa kwenye zaburi, na mara zote inaporudiwa kwa Waebrania, ili atakayekwenda kulinganisha akute kitu cha kulinganisha. Kosa la mwaka 1611 halikuwa kuchagua vibaya. Lilikuwa kuchagua mara mbili.

Mtu anaweza kunipinga kwamba “katu” inamfanya Marko agongane zaidi na Mathayo, ambaye anasema itatolewa moja. Ni kweli inazidisha. Lakini mgongano huo uko kwenye Kigiriki, na si kazi ya mfasiri kumpunguzia Marko ukali ili akae vizuri na jirani yake.

Nilipokwenda Tanga likizo nilimsomea shangazi yangu matoleo yote matatu, bila kumweleza habari za Kigiriki, yeye akichambua mchicha. Nilianza na la kuning'inia: amin nawaambia, kizazi hiki kikipewa ishara. Nikanyamaza. Akainua kichwa. “Eh, kikipewa ndiyo nini? Mbona huendelei?” Nikamwambia imeishia hapo. Akasema labda ukurasa umechanika.

Nikamsomea la pili, hakitapewa. “Haya, amewajibu,” akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

La tatu, lenye katu, nililisoma taratibu kidogo. Aliuacha mchicha kwanza.

“Hao walimfanya nini, mwanangu?” akaniuliza.